Nikitoka sauna kichwa kinagonga: je, nimekosa maji au nimezidiwa na joto?

Swali

Habari za kazi, Daktari. Nina miaka 34. Mara tatu kwa wiki nafanya mazoezi jioni kwa saa nzima, kisha naingia sauna dakika 15, natoka naingia chumba cha mvuke dakika 15 nyingine, halafu naoga maji ya moto na kwenda nyumbani. Kama saa moja na nusu baadaye kichwa kinaanza kugonga kwenye panja zote mbili, na nikiinama kinazidi. Nikinywa lita moja ya maji kwa mkupuo naishia kukojoa tu, kichwa kiko vile vile. Juzi nilijipima: kabla ya mazoezi mizani ilisoma kilo 68.4, nilipotoka kwenye mvuke 66.9, nikafurahi kweli. Kati ya hapo nilikuwa nimekunywa chupa ndogo ya mililita 300. Nyumbani nako, nikijilaza kwenye hodhi la maji ya moto kwa nusu saa, kichwa kinauma, ila hapo kinaanza pale pale ninaposimama, pamoja na kizunguzungu. Dada yangu ananiambia niachane na joto kabisa. Je, ana haki?

*Mpenda joto*

Jibu

Mpenda joto, kwa unavyoeleza dada yako amekwenda mbali mno. Hata hivyo mpangilio wako wa jioni unahitaji kubadilika, na namba za mizani ulizoandika ndizo zinazoonyesha ni wapi. Laiti kila anayeuliza jambo hili angekuja na namba kama hizo.

Tuanze na ile kilo moja na nusu iliyokufurahisha. Hayo si mafuta. Kwa saa moja na nusu mwili hauwezi kuchoma mafuta ya uzito huo hata ukikimbia bila kusimama, kwa hiyo karibu uzito wote uliopotea ni maji. Kilo moja ya uzito unaopotea kwa muda mfupi namna hii ni sawa na lita moja ya maji, na hesabu yako ni rahisi: umepungua kilo 1.5, na katikati uliingiza mililita 300 ambazo nazo zimetoka. Jumla umetoa jasho la takriban lita 1.8. Kwa makadirio, kama lita moja ilitoka kwenye mazoezi, na iliyobaki kwenye sauna na mvuke. Ukigawa 1.5 kwa 68.4 unapata zaidi kidogo ya asilimia 2 ya uzito wako. Hapo karibu na asilimia 2 ndipo watu wengi huanza kuonja dalili: kiu ya kweli, uchovu, akili nzito, na kwa wenye kichwa chepesi kuuma, maumivu. Wewe hukuingia sauna ukiwa mzima halafu joto likakukausha. Uliingia ukiwa tayari umepungukiwa, na joto likaongezea palipokuwa pamekwisha haribika.

Sasa, upungufu wa maji wa asilimia 2 peke yake wengi huuvumilia. Nusu saa ya joto peke yake pia wengi huivumilia. Shida ni viwili hivyo kukutana, kwa sababu vinashambulia kitu kimoja kutoka pande mbili.

Mwili ukipata joto, njia yake kuu ya kulitoa ni kupeleka damu kwenye ngozi. Mtu akiwa ametulia mahali pa baridi ya wastani, damu inayopita kwenye ngozi haifiki hata nusu lita kwa dakika. Joto likipanda sana inaweza kufika lita 7 au 8 kwa dakika. Mishipa midogo ya ngozi imefunguka mwili mzima, ndiyo maana unakuwa mwekundu au unahisi uso unawaka, na moyo unalazimika kukimbia ili damu itoshe kwenda kote. Mapigo 100 hadi 120 kwa dakika ndani ya sauna ni kawaida, na yanaweza kupanda zaidi ya hapo ukikaa benchi la juu. Wakati huo huo jasho linatoka, na sehemu kubwa ya maji yake imechotwa kwenye damu. Yaani chombo kinapanuka huku kilichomo kinapungua. Shinikizo la damu linashuka, hasa ukisimama, na kichwa, kilicho juu kuliko vyote, ndicho kinachoonja upungufu huo mapema.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachosikia ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyomo kwenye utando huo, ambayo imezungukwa na nyuzi za neva ile ile inayohudumia uso na panja. Mishipa hiyo inapopanuka kwa joto, kisha damu na majimaji yanayouzunguka ubongo yanapopungua, neva hizo huvutwa na kuchokozwa. Maumivu ya aina hii hudunda pamoja na mapigo ya moyo, hukaa panjani au kichwa kizima, na huzidi ukiinama, ukipanda ngazi au ukitikisa kichwa. Ndivyo ulivyoyaeleza ya kwako. Mtu mwenye kipandauso ana neva hizo tayari ziko macho, kwa hiyo upungufu ambao mwenzake asingeusikia kabisa unatosha kumwangusha kitandani na kichefuchefu juu.

Kuna jambo la ziada katika utaratibu wako ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni tofauti kati ya sauna na chumba cha mvuke. Sauna kavu huwa na nyuzi joto 70 hadi 100, chumba cha mvuke 40 hadi 50 tu. Ukitazama namba peke yake utadhani mvuke ni wa kupumzikia baada ya sauna, na ndivyo wengi wanavyoutumia. Si hivyo. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka, linapooza kwa kukauka juu ya ngozi. Ndani ya sauna hewa ni kavu, jasho linakauka haraka na kuondoka na joto jingi; ndiyo sababu mtu anavumilia hewa ya nyuzi 80. Ndani ya mvuke hewa imeshiba maji, jasho halina pa kukaukia. Linadondoka sakafuni bure, umepoteza maji na hukupata ubaridi wowote. Tena mvuke wenyewe unagusa ngozi yako iliyo baridi kuliko hewa, unageuka kuwa matone, na kila tone linaacha joto lake mwilini mwako. Sehemu ya maji yanayotiririka mgongoni mwako mle ndani si jasho kabisa, kwa hiyo usijaribu kukisia kwa macho umepoteza kiasi gani. Amini mizani, na kausha mwili kwa taulo kabla ya kupanda juu yake.

Kwa hiyo dakika 15 za mvuke mara tu baada ya dakika 15 za sauna ni nusu saa ya joto mfululizo, na nusu ya pili ni ile ambayo mwili hauna njia ya kujipooza. Ukimalizia kwa maji ya moto bombani, umeurefusha muda huo tena.

Sasa kwa nini lita ile ya maji haikukusaidia? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni wakati: maji yalikuja baada ya maumivu kuanza, na neva zilizokwisha kuchokozwa hazitulii kwa sababu tu upungufu umeanza kufidiwa. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, kichwa cha namna hii huchukua kati ya nusu saa na saa tatu kutulia. Ya pili ni kasi, na chumvi. Jasho si maji matupu, lina chumvi, na ukimimina lita nzima ya maji matupu tumboni kwa dakika chache, damu inakuwa nyepesi ghafla, figo zinaona maji yamezidi na kuyatoa. Unakojoa mkojo mweupe kabisa huku mwili ungali na upungufu. Mkojo mweupe baada ya kunywa kwa mkupuo, basi, haukuambii kwamba umejaa; unakuambia kwamba maji yamepita.

Kwa hesabu yako, wa kurudisha si lita 1.5 kamili bali kama mara moja na robo hadi moja na nusu ya hapo, kwa kuwa sehemu itatoka kwa mkojo na jasho linaloendelea. Hiyo ni lita 1.9 hadi 2.2. Zigawe kwenye saa tatu au nne: glasi moja ya mililita 250 kila dakika 20 hadi 30, si zaidi ya lita moja ndani ya saa moja. Katikati yake kula chakula chako cha jioni chenye chumvi ya kawaida, maana chakula ndicho kinachoshikilia maji yabaki mwilini. Kama tumbo halitaki chakula kwa sababu ya kichefuchefu, tumia chumvichumvi za pakiti wanazopewa wanaoharisha, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kikiwa kimesawazishwa. Ionje, isiwe na chumvi kuliko machozi. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au presha asiongeze chumvi wala maji kwa maelekezo ya safu ya gazeti, amuulize anayemtibu kwanza.

Na usiende upande wa pili ukaanza kunywa lita nne kwa woga. Maji matupu mengi mno kwa muda mfupi hupunguza chumvi ya damu, na dalili ya mwanzo ya hali hiyo ni nini? Kichwa kuuma na kichefuchefu. Hapo mtu anadhani bado hajanywa vya kutosha, anaongeza, na hali inakuwa ya hatari kweli. Mizani inakusaidia hata hapa: ukijikuta mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi na kichwa kinauma, acha kunywa.

Lakini kurudisha ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza, ambayo ningependa uishike zaidi, ni kutoingia kwenye joto ukiwa na deni. Saa mbili kabla ya mazoezi kunywa mililita 400 hadi 500. Wakati wa mazoezi yako ya saa moja, chupa ya mililita 300 haitoshi. Lenga 500 hadi 600, kwa mafundo kila dakika 10 au 15. Mazoezi yakiisha usiende moja kwa moja kwenye mlango wa sauna. Kaa nje dakika 15 mpaka mapigo yashuke chini ya 100 na jasho lipungue, kunywa mililita 300 nyingine, kisha jipime. Ukiwa umepungua nusu kilo au chini ya hapo, ingia. Ukiwa umepungua kilo moja, leo sauna ni ya kesho. Najua sheria hii haipendezi kwa aliyelipia, ila kilo hiyo moja ndiyo inayotenganisha jioni nzuri na jioni ya kichwa.

Ndani, chagua kimoja: sauna au mvuke. Kwa mtu mwenye kichwa kama chako ningechagua sauna, kwa ile sababu ya jasho kukauka. Kaa benchi la chini. Hewa ya moto hupanda, na kati ya benchi la chini na la juu tofauti huwa kubwa, tena kichwa chako ndicho kinachokuwa karibu na dari ukikaa juu. Kaa dakika 8 hadi 10, si 15. Anayemwaga maji juu ya mawe anaongeza unyevu ghafla na jasho linaacha kukauka vizuri kwa muda. Ukisikia pua na masikio yanaungua, huo ni wakati wa kutoka, usingoje mchanga wa saa ya ukutani uishe. Kichwa kikianza kuwa kizito ukiwa bado ndani, au ukijikuta unahema haraka, toka vilevile. Kuhema haraka kwa sababu ya joto hutoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, na hiyo inabana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ule wepesi wa kichwa na ganzi ya midomo ambayo wengine huisikia vinatoka huko.

Kabla ya kusimama, kaa wima dakika moja au mbili, miguu ikiwa chini, uchezeshe vifundo ili damu ya miguuni ianze kurudi juu. Nje, jipooze taratibu: hewa ya kawaida kwanza, kisha maji ya vuguvugu, ukianzia miguuni na mikononi. Kujitumbukiza kwenye maji ya barafu ukitoka kwenye joto kunabana mishipa yote kwa mara moja na kupandisha presha ghafla, na kwa kichwa kilichokwisha kuchokozwa hicho ni kichokoo kingine. Kama unataka kurudi ndani mara ya pili, subiri dakika 10 nje na kunywa glasi moja. Kwa kipindi cha majaribio ningekushauri uache hiyo mara ya pili.

Na pombe? Isikaribie kabisa, kabla wala mara baada. Inafungua mishipa kama joto linavyoifungua, na inazuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji. Tumbo tupu nalo linachangia. Kula kitu kidogo saa moja au mbili kabla.

Hodhi la nyumbani ni habari tofauti, na umefanya vizuri kuandika kwamba hapo maumivu huja unaposimama. Wakati maumivu yanapoanza ndio unaosema chanzo. Yakija ndani ya joto lenyewe, umezidisha joto. Yakija ukisimama, presha imeshuka. Yakija saa moja au mbili baadaye, ni deni la maji, au kipandauso kilichoamshwa na vyote.

Ndani ya maji ya moto mambo matatu yanatokea bila wewe kuyaona. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na yakiwa na nyuzi 40 au 41 yako juu ya joto la mwili wako, kwa hiyo sehemu yote iliyozama inapokea joto na haiwezi kutoa hata chembe. Nusu saa hapo inatosha kupandisha joto la ndani ya mwili karibu nyuzi moja, yaani umejipa homa ndogo. Pili, unatoka jasho jingi chini ya maji na usoni, lakini nani ataliona? Watu hutoka humo wakiapa kwamba hawakutoka jasho. Tatu, uzito wa maji unabana miguu na tumbo na kusukuma damu kifuani. Mwili unadhani damu imezidi na unaamuru figo zitoe mkojo. Ndiyo maana mtu hubanwa na haja ndogo akiwa ndani ya hodhi.

Kisha unasimama. Ule mbano wa maji unaondoka kwa sekunde moja, mishipa ya ngozi imefunguka yote, damu inateremka miguuni, na kiasi chake kimeshapungua kwa jasho. Kizunguzungu na kichwa kuuma kwa pamoja ni matokeo ya hapo. Na ndipo watu huanguka bafuni.

Dawa yake ni kipimajoto cha maji, si kiwiko. Weka maji nyuzi 38, na 39 iwe mwisho. Kaa dakika 15. Maji yafike usawa wa kifua, si shingoni, mabega yabaki nje ili upate pa kutolea joto. Weka glasi ya maji ya kunywa ukingoni na uimalize ukiwa humo. Ukitaka kutoka, toa kizibo kwanza na uendelee kukaa mpaka maji yashuke chini ya kiuno, ndipo usimame ukishika ukuta. Hatua hiyo ya kizibo ni ndogo lakini kwa wenye tatizo lako ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, kwa sababu mbano unaondoka polepole na moyo unapata muda wa kujirekebisha.

Kabla hatujaliacha bafu, nikuulize: maji yako yanachemshwa na nini? Kama ni mtambo wa gesi uliomo bafuni au karibu na mlango wake, kuna chanzo kingine cha kichwa kuuma ambacho maji ya kunywa hayawezi kukitibu. Gesi ikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa chake ni kizito, kama kimefungwa kamba, pamoja na kichefuchefu na uchovu, na alama zake ni hizi: watu wengine wa nyumbani nao wanaumwa, maumivu yanapungua ukitoka nje, na yanarudi kila mtambo unapowaka. Ukiona hivyo, zima, fungua madirisha, tokeni wote nje na mwende hospitali mkaseme wazi mnashuku nini, kwani kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kusoma vizuri ilhali damu imejaa sumu. Bomba la moshi likaguliwe na fundi kabla mtambo haujawashwa tena.

Kuhusu dawa. Parasetamo ya miligramu 500 hadi 1,000 inafaa kichwa kikiuma kweli. Ibuprofeni na jamaa zake ningesubiri mpaka uwe umekunywa maji na kukojoa kawaida, kwa kuwa mwili ukiwa mkavu dawa hizo huelemea figo. Usimeze kidonge kabla ya sauna ili kuzuia. Utazima kengele na kuendelea kukaa kwenye moto. Ukijikuta unatumia vidonge vya maumivu zaidi ya siku 10 hadi 15 kwa mwezi, kutegemea aina yake, vidonge vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyoleta kichwa.

Hukusema kama unatumia dawa nyingine. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, na dawa za moyo za kupanua mishipa hukuongezea ule mshuko wa presha. Topirameti, ambayo wengi wenye kipandauso hupewa kama kinga, inaweza kupunguza jasho. Mtu anayeitumia hupanda joto bila kujipooza na bila kujua. Mwenye mojawapo ya hizo aongee na daktari wake kabla ya kuingia kwenye joto la aina yoyote. Mjamzito na mwenye homa wasiingie.

Maumivu uliyoyaeleza hupanda polepole, na hilo linanituliza. Yapo mengine yasiyosubiri jaribio. Kichwa kinachopasuka ghafla, kikafika kilele ndani ya dakika moja, iwe ni chini ya bomba la maji ya moto au unapotoka sauna, ni cha kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kimeshatulia ukifika mlangoni. Kinaweza kuwa damu inavuja kwenye utando wa ubongo. Kinaweza pia kuwa mishipa ya ubongo inayojibana yenyewe, hali ambayo kwa baadhi ya watu huchokozwa na maji ya moto na hurudia rudia kwa wiki moja au mbili; wakati huo maji ya moto ni marufuku mpaka uchunguzi uishe. Vivyo hivyo kichwa chenye shingo ngumu, kuona mara mbili, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja. Na aliyetoka kwenye joto akiwa hajui alipo, anaongea ovyo au anatapika mfululizo, mtoe nje, mvue, mmwagie maji mwilini na kumpepea huku msaada unaitwa. Asilazimishwe kunywa.

Kwa upande wako, fanya hivi kwa ziara sita zijazo: andika uzito kabla ya mazoezi, kabla ya sauna na baada yake, ulichokunywa, dakika ulizokaa, na saa kichwa kilipoanza kama kilianza. Jicho lako liwe kwenye siku ambazo upungufu ulibaki chini ya nusu kilo. Kama siku hizo kichwa kimetulia, umepata jibu lako na sauna ni yako. Kama kinauma hata siku hizo, hasa kikiwa cha upande mmoja, mwanga unakukera na unataka kujificha gizani, basi joto lenyewe linaamsha kipandauso, na karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea daktari wa neva. Kipimajoto cha maji kinunuliwe kabla ya hodhi lijalo.